Uanze na wazazi au na mtoto? Kupanga kikao cha kwanza cha mtoto wa darasa la pili

"Habari mtaalamu. Nimemaliza shahada ya saikolojia na sasa niko kliniki ya hospitali ya mkoa. Wiki ijayo napokea familia yangu ya kwanza peke yangu: mama, baba na mtoto wa kike wa miaka 7, darasa la pili. Kila asubuhi analalamika tumbo, hataki shule, na ameanza tena kukojoa kitandani wakati alishaacha. Nianze na nani? Nikiwatoa wazazi mtoto si ataogopa? Na nikikaa na mtoto peke yake wazazi si wataona nawachunguza? Nina saa moja na nusu tu."

Anza na wote kwa dakika kumi, kisha wazazi peke yao, kisha mtoto peke yake, mwisho wote tena. Kwa umri huo ndo mpangilio ninaoupenda. Angekuwa wa miaka 14 ningegeuza, yeye angeingia kabla ya wazazi, maana kijana akiona umejifungia nusu saa na mama yake kwanza ashakuhesabu uko upande wa mama. Huyu wa darasa la pili hana sana hiyo shida, shida yake ni kwamba usipojua kwanza kutoka kwa wakubwa kinachotokea nyumbani utaingia naye chumbani bila pa kushika, utamuuliza shule inaendeleaje, atasema "vizuri", mtatazamana, muda umeisha.

Dakika 90 zako zigawe hivi: 10 wote, 35 wazazi, 25 mtoto, 5 zako peke yako, 15 wote tena. Hizo tano za peke yako ndo za kwanza kuliwa pale wazazi wakiongea sana, na ndo nakuomba uzilinde, utaona kwa nini huko chini.

Wengine hukutana na wazazi siku ya kwanza bila mtoto kabisa, mtoto anakuja wiki inayofuata. Ni njia nzuri, una nafasi ya kupumua, na kama wazazi wana ugomvi wao mtoto hasubiri nje akisikia sauti zinapanda. Ila kwa hospitali ya mkoa, ambapo watu wamepanda basi alfajiri na baba kaomba ruhusa kazini siku moja tu, ukisema mrudi wiki ijayo na mtoto kuna wengi hutawaona tena. Kwa hiyo siku moja, vipande vinne.

Kabla ya siku yenyewe wapigie simu. Uliza mtoto anaishi na nani, nani hasa anamwamsha asubuhi, na kaambiwa nini kuhusu kuja kwako. Hilo la mwisho usiliruke, kuna watoto wanaambiwa "tunaenda kutembea" na kuna wanaoambiwa "ukiendelea hivyo daktari atakuchoma sindano", na wote wawili wanakuja kwako wakiwa wameshakukataa. Mpe mzazi maneno ya kumwambia: tunaenda kuongea na mtu anayesaidia watoto ambao tumbo linawauma wakitaka kwenda shule, hachomi sindano, utaongea naye na utachora. Na waje na mtu wa kukaa na mtoto nje wakati wazazi wako ndani, bibi, shangazi, dada, yeyote anayemzoea. Kama hakuna, mzazi mmoja akae naye nje wakati mwingine yuko ndani, halafu wabadilishane. Usimwache mtoto peke yake kwenye benchi nyuma ya ukuta wa mbao, atasikia kila kitu.

Sasa nikupitishe kwenye familia moja ili uone vipande vinavyofanya kazi. Nimeichanganya kutoka familia kadhaa na jina nimelitunga. Tumwite Hamisi, miaka 7, darasa la pili, malalamiko karibu sawa na ya mtoto wako. Baba ni dereva wa lori, anakaa nyumbani siku chache kwa mwezi. Mama anakaanga vitumbua alfajiri na kuuza.

Dakika kumi za kwanza watu wengi wanadhani ni za salamu. Hapana, hapo unafanya kazi mbili kubwa. Ya kwanza ni kuwaacha wakae wanapotaka bila kuwapangia viti, kisha unaangalia. Hamisi alikaa akiwa amegusana bega na mama, baba akachukua kiti cha mlangoni. Kila nilipomuuliza Hamisi kitu alimtazama mama kwanza, na mama akajibu yeye. Hukumu usitoe hapo, unaandika tu. Na mtoto wa kwetu akikuamkia shikamoo halafu akainamisha macho usiandike kwamba hawezi kuangalia mtu usoni, hiyo ni adabu aliyofundwa. Angalia kama anamkwepa hata mama yake, hapo ndo pana kitu.

Kazi ya pili ni kumwambia kila mtu, mbele ya kila mtu, ratiba ilivyo na siri zinavyotunzwa. Mimi nasema hivi: "Tutaongea wote kidogo, halafu nitaongea na baba na mama, halafu na wewe Hamisi, mwisho tunakaa wote tena. Utakayoniambia sitakwenda kuyasema yote kwa baba na mama, nitakuuliza kwanza. Ila kama kuna mtu anakuumiza, au kuna hatari, hiyo lazima niwaambie watu wakubwa wakusaidie." Sentensi hiyo ndo inajibu hofu yako kuhusu wazazi. Mzazi huhisi anachunguzwa anapogundua katikati kwamba mtoto anaitwa peke yake, lakini akisikia mwanzoni kabisa kwamba kila familia inapita hivyo, na yeye mwenyewe atapata zamu yake ya faragha, wengi wanatulia. Na usimwahidi mtoto siri kamili hata akikuomba kwa machozi, utakuja kuivunja.

Kama mama ataanza kumwaga makosa ya mtoto mbele yake, mkaidi, mwongo, anatuaibisha, mkate kwa heshima: "Mama hayo nayataka yote, tutayapata tukiwa sisi watu wazima." Mtoto akisikia orodha yake ikisomwa mbele ya mgeni ashajifunga, baadaye utakuwa unaongea na ukuta.

Zamu ya wazazi. Usiulize "tatizo ni nini", utapewa hotuba. Uliza asubuhi moja: "Jumatatu iliyopita, nielezeni tangu anaamka." Nani alimwamsha, saa ngapi, kitanda kilikuwa kimelowa au la, alisema nini, wewe ukasema nini, baba alifanya nini, ikaishaje. Ukifuata asubuhi moja dakika kwa dakika unaona mnyororo wenyewe. Kwa Hamisi ilikuwa hivi: saa kumi na moja na nusu anaamshwa, kimya, anavaa shati, akifika kwenye kiatu anashika tumbo analia, mama anamwambia acha uongo, baba kwenye simu anasema mchape, saa moja na nusu mama anachoka anamwacha alale, saa nne mtoto yuko mzima anamsaidia mama kuhesabu chenji. Jumamosi na Jumapili hakuna tumbo kabisa.

Baba akasema mbona iko wazi, anajifanya. Na hapa lazima ueleze kwa utulivu maana ni dhana utakayokutana nayo kila wiki. Tumbo lile linauma kweli. Hofu inabana matumbo ya mtoto kama inavyomfanya mtu mzima akimbilie chooni kabla ya mtihani, na mtoto wa miaka 7 hana maneno ya "nina wasiwasi" kwa hiyo anakuonyesha panapouma. Akiachwa nyumbani hofu inashuka, tumbo linapoa, na mwili unajifunza kwamba kubaki nyumbani ndo dawa, kesho yake linauma mapema zaidi. Maumivu kuisha saa nne kunakuambia yanafuata nini, hakukuambii kwamba mtoto ni mwongo.

Halafu rudi nyuma: lini ilianza, na kabla yake kulitokea nini nyumbani na shuleni. Watu hawakumbuki tarehe, tumia vishikizo, kabla au baada ya mfungo, shule ilipofunguliwa, mdogo wake alipozaliwa. Uliza mimba na kuzaliwa, degedege, kutembea na kuongea, usingizi. Uliza wameshajaribu nini, pamoja na dua, mganga na fimbo, na uulize kwa sauti ileile unayoulizia panadol, la sivyo hawatakuambia. Na uliza anachokiweza na kukipenda, hicho utakihitaji muda si mrefu.

La kukojoa kitandani usiliache kwenye saikolojia peke yake. Mtoto aliyekuwa mkavu miezi sita au zaidi halafu akaanza tena, kweli mara nyingi kuna msukosuko nyuma yake, lakini kabla ya kusema hivyo apimwe mkojo, kuangalia maambukizi na sukari, na uulize kama anapata choo kigumu, maana choo kikijaa kinakandamiza kibofu. Akiwa anakunywa maji kupita kawaida, anakojoa sana hata mchana na anakonda, huyo apimwe sukari siku hiyohiyo, intavyuu itasubiri. Vivyo hivyo tumbo linalomwamsha usiku, linalokuja na homa, kutapika au damu kwenye choo, huyo ni wa daktari kwanza. Uko hospitali, una bahati, mtume maabara kabla hajaondoka.

Ndani ya hizo dakika 35 mpe kila mzazi dakika tano za kuongea nawe peke yake. Sema ni utaratibu wa kila familia. Hapo unauliza yale ambayo hayasemeki mbele ya mwenzake: mnapogombana inakuwaje, kuna kupigana, kuna pombe, kuna jambo ambalo mwenzako halijui ila unadhani linamgusa mtoto. Kama mama ananyanyaswa na ukamuuliza mbele ya mume atasema tuko salama, na atalipia akifika nyumbani. Mama yake Hamisi akiwa peke yake alisema miezi michache nyuma alizimia jikoni alfajiri, mtoto akiwa pekee aliyekuwa macho, akamwita jirani. Hakumwambia mumewe kwa sababu angemkataza biashara. Mtoto naye akaambiwa asiseme. Hakuwahi kuliunganisha hilo na tumbo hata kidogo.

Zamu ya mtoto. Kama hataki kuachana na mama usimvute. Mlango ubaki wazi nusu, mama akae mahali anapoonekana, baada ya dakika chache muulize kama mlango unaweza kufungwa kidogo. Akikataa kabisa, fanya kikao mama akiwa pembeni kimya, na hilo la kushindwa kuachana ni taarifa kubwa kuliko maswali kumi.

Kuna mazoea mawili ya kupingana nayo. Mtoto amezoea kwamba mtu mzima akiuliza anajua jibu, kama mwalimu, na kwamba kumkubalia mkubwa ndo heshima. Kwa hiyo ukimuuliza "mwalimu anakupiga eti?" atasema ndiyo, na ukimuuliza "mwalimu hakupigi, au?" atasema hapana. Ukirudia swali lilelile anadhani kakosea, anabadilisha jibu. Dawa yake ni kumwambia mapema: mimi sikuwepo, sijui yaliyotokea, ukiwa hujui sema sijui, nikikosea nisahihishe. Halafu jaribu: "Nikisema una miaka tisa?" Mpaka acheke na kukusahihisha. Kisha mwache akusimulie kitu kisicho na uzito, mpira wa jana, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, wewe unasema "halafu?" tu. Anajifunza kwamba hapa yeye ndo msimuliaji. Usikimbilie "kwa nini", mtoto akiulizwa kwa nini anasikia kesi. Tumia nini, nani, wapi, ikawaje. Na mara ngapi au tangu lini ni maswali mabovu kwa miaka 7, hayo muulize mama.

Penseli na karatasi viwepo. Mwambie achore watu wa nyumbani wakiwa wanafanya kitu. Tafadhali usiisome picha kama kipimo, kwamba mikono haipo basi kanyanyaswa, rangi nyeusi basi ana huzuni, pengine penseli nyeusi ndo ilikuwa karibu. Picha ni ya kuongelea. Hamisi alimchora mama amelala chini na masufuria juu. Ningeweza kumwekea maneno, nikasema tu "niambie kuhusu hapa". Akanyamaza muda mrefu, nami nikanyamaza. Akasema mama alianguka. Halafu? "Halafu nikamwita Mama Zai." Nikamwambia mama ameniambia asubuhi tumbo linauma, niambie hilo tumbo. Akasema linaanza akivaa viatu, halafu akaniuliza yeye: "Nikiwa shule mama akianguka tena, nani atamwita Mama Zai?"

Baba alijua uvivu, mama alijua ukaidi, mtoto alikuwa analinda maisha ya mama yake. Hakuna aliyedanganya kati yao, ndo maana hutakiwi kuwa hakimu wa nani mkweli. Thomas Achenbach na wenzake mwaka 1987 walikusanya tafiti 119 kuangalia watu tofauti wanakubaliana kiasi gani kuhusu mtoto mmoja. Wazazi wawili walikubaliana vizuri kiasi, karibu 0.60, lakini mtoto mwenyewe na watu wengine ilikuwa karibu 0.22 tu, ambapo 1 ndo kukubaliana kabisa. Kinachoonekana, kupiga, kukataa, kulia, mzazi anakiona. Kilicho ndani, hofu na huzuni, mara nyingi anacho mtoto. Ukisikia stori mbili zinapishana usitafute wastani, jiulize kila mmoja alikuwa amesimama wapi alipoona.

Kabla hajatoka muulize: katika tuliyoongea, lipi naweza kumwambia mama na baba, na lipi tulisubirishe? Hamisi alikubali niseme anaogopa, ila la kuanguka hapana, kaambiwa asiseme.

Hapo sasa unaziona dakika tano zako. Nina mtoto aliyebeba siri ya mama, na baba asiyejua. Siwezi kuitupa mezani mbele ya watatu wao. Nilimwita mama pembeni dakika mbili, nikamwambia bila kunukuu picha wala maneno ya mtoto: lile uliloniambia naamini linahusika, na lazima upimwe, presha na damu, unaonaje ukilisema wewe mwenyewe? Alikubali. Angekataa nisingelisema, ningepanga kikao cha pili na yeye kwanza.

Kikao cha mwisho cha pamoja kiwe kifupi na kiwe na maneno machache. Mama alisema mwenyewe, na akamwambia Hamisi wewe hujakosea kusema wala kumwita jirani. Niliwaambia nadhani hofu ya kumwacha mama ndo inayobeba tumbo, na kwamba bado sijahakikisha, majibu ya mkojo na maelezo ya mwalimu yanakuja. Siku ya kwanza usitoe jina la ugonjwa. Tulikubaliana mama aende kupimwa, Hamisi aambiwe kwa lugha yake nani anakuwa karibu na mama asubuhi, fimbo na matusi kwa sababu ya kitanda viishe, na kuanzia Jumatatu anakwenda shule hata kama ni vipindi vya asubuhi tu, kwa sababu kila siku anayobaki nyumbani inaongeza ugumu wa siku inayofuata. Mama Zai naye akaombwa kupita kila asubuhi, na Hamisi akajua hivyo. Na usimwendee mwalimu bila ridhaa yao, mweleze mzazi utauliza nini.

Mtoto wako anaweza kuwa na sababu nyingine kabisa, kuonewa njiani, kushindwa kusoma, fimbo ya hesabu, au mtu anayemgusa. Likija hilo la mwisho, au kipigo cha kuumiza, acha kuchimba. Mwache amalize kwa maneno yake, mwambie amefanya vizuri kusema, andika maneno yake na maswali yako kama yalivyosemwa, na usiite wazazi kumkabilisha na mtu yeyote. Hutafuti ushahidi wewe, ukimhoji sana utauharibu. Mjulishe mkuu wako na ofisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo, kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na simu ya watoto 116 ni bure. Kama ni kuingiliwa na hazijapita saa 72 afike kwa daktari mara moja kwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, lakini hata zikipita bado anahitaji kuonwa. Na mtoto asirudi kulala nyumba ileile na anayetajwa kabla hao hawajaamua.

Mtoto akisema anataka kufa, au wazazi wakikaribia kupigana mbele yako, au ukiona ameacha kuongea kabisa hata na wa nyumbani, mwite mwenye uzoefu siku hiyohiyo, usisubiri kikao cha pili. Vinginevyo kikao cha pili kiweke ndani ya wiki moja, waje na daftari zake za shule na za kliniki ya mtoto kama wanayo, na tafuta kabisa mtu wa kukusimamia ambaye utampigia ukishatoka na hiyo familia yako ya kwanza, umsomee ulichoandika kabla hujakisahau.